Barua mbili za kazi na alama 41 kwa 41

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 31, ni mhasibu, na ninaishi Mbeya pamoja na mke wangu, ambaye ni muuguzi katika kituo cha afya, na mtoto wetu wa miaka 3. Mkataba wangu na taasisi ya mikopo midogo unaisha mwishoni mwa mwezi huu na sitaki kuuongeza. Tangu siku niliyotumwa kuorodhesha friji na makochi ya mama mmoja wa Mwanjelwa aliyechelewesha marejesho, siendi kazini kwa moyo mweupe. Sasa nina barua mbili. Moja inatoka kampuni ya uwakala wa forodha Tunduma: shilingi 1,400,000 kabla ya makato, mkataba wa miaka 2. Nyingine inatoka chama cha ushirika cha wakulima karibu na Tukuyu: shilingi 850,000, ajira isiyo na ukomo, pamoja na nyumba. Bado ninadaiwa na Bodi ya Mikopo. Baba alifariki miezi 5 iliyopita na mama amebaki peke yake kijijini, Rungwe.

Rafiki alinishauri nifanye zoezi la kutambua tunu zangu kabla ya kuchagua. Niliandika familia, uadilifu, maendeleo, amani ya moyo na kumcha Mungu, kisha nikazipa kazi zote mbili alama kati ya 10 kwa kila tunu. Tunduma ilipata 41 na Tukuyu ikapata 41. Jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimekosea wapi?

Mhasibu, Uyole

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mzee.

Hesabu zako hazina kosa. Kilichokuangusha ni maneno uliyoyapeleka kwenye hesabu. Familia inaweza kusema "nenda Tunduma", kwa kuwa fedha nyingi zaidi zitamfikia mama, na neno hilohilo linaweza kusema "nenda Tukuyu", kwa kuwa utamwona mama kila wiki. Uadilifu nao, mhasibu gani ataandika kwamba hauthamini? Katika miaka niliyokaa kwenye meza ya utumishi hapa Iringa nimesoma barua nyingi za maombi ya kazi, na sijakutana na hata moja iliyosema kwamba mwombaji hajali uaminifu. Ulichoandika ni orodha ya mambo ambayo mtu angeona aibu kuyakosa, na orodha ya namna hiyo hufanana kwa watu wote. Tunu, kwa maana yake ya asili, ni kitu adimu ambacho mtu hukitunza na hakitoi ovyo. Kwa hiyo ukitaka kujua tunu zako, tazama kile ambacho umewahi kukataa kukitoa hata ulipolipwa ukitoe.

Kosa la pili ni zile alama za kati ya 10. Ukimwuliza mtu kila tunu ina uzito gani, zote zitapata 8 au 9, kwa sababu hakuna kinachomzuia kuzipendelea zote kwa pamoja. Watu waliolishughulikia jambo hili kitaalamu waliliona mapema. Mwanasaikolojia Milton Rokeach, katika dodoso lake lililojulikana mwaka 1973, aliwapa watu orodha mbili za tunu 18 kila moja na kuwataka wazipange kwa mfuatano, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruhusu mbili kukaa nafasi moja. Mwaka 2001 William Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico walitoa seti ya kadi 83, ambazo mtu huzigawa katika mafungu kufuatana na uzito wa kila kadi kwake, kisha akachagua chache za juu. Katika njia zote mbili mtu analazimika kuacha kitu ili apate kingine, na wewe hukujilazimisha kuacha chochote.

Kosa la tatu ninalikisia tu, lakini ninalikisia kwa ujasiri: ulilifanya zoezi barua zote mbili zikiwa mezani. Mtu akiwa na barua mbele yake, tunu zake huanza kujipinda kidogo kidogo zifuate barua anayoitamani, na yeye mwenyewe hataona zikijipinda. Kwa hiyo, kabla ya kuanza upya, mpe mke wako barua hizo azifungie hadi jioni ya pili. Zoezi zima linahitaji jioni mbili, daftari moja na mkasi.

Jioni ya kwanza usiandike neno lolote la tunu. Andika matukio 6 ya maisha yako ya kazi, au ya shule kama ya kazi hayatoshi. Matatu yawe ya siku ulizorudi nyumbani umechoka lakini ukiwa na furaha ambayo hukuweza kuieleza, na matatu yawe ya siku ulizokasirika kiasi kwamba ulikosa usingizi. Yale ya hasira ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Furaha inaweza kutoka kwenye sifa tu, lakini hasira isiyopoa baada ya wiki mbili kwa kawaida inaonyesha kwamba kuna kitu chako kimekanyagwa. Chini ya kila tukio jiulize ni nini hasa kilichokanyagwa, na usikubali jibu la kwanza.

Nitakupa mfano wangu. Nikiwa bado kijana kazini, mkuu wangu alinitaka niweke saini kwenye daftari la mahudhurio la siku ambazo sikuwapo ofisini. Nilikasirika kwa mwezi mzima. Jibu langu la kwanza lilikuwa uadilifu, na lilinipendeza kwa sababu lilinifanya nionekane mtu mwema. Nilipoendelea kujihoji niligundua kwamba wenzangu walikuwa wakifanya makosa makubwa kuliko hilo na mimi nilikuwa nikilala usingizi. Kilichonikera ni jina langu kuwekwa chini ya jambo nisilolishuhudia. Sentensi hiyo ni nyembamba kuliko uadilifu, lakini inatumika: tangu siku hiyo ninajua ni kazi gani nisiikubali hata ikilipa vizuri.

Wewe unalo tukio la friji. Katika barua nzima hilo ndilo uliloliandika kwa vitu vinavyoonekana, friji na makochi na mtaa wenyewe, ilhali mambo mengine yote umeyaandika kwa majina ya jumla. Kaa nalo. Inawezekana uliudhika kwa sababu mama yule alidhalilishwa mbele ya majirani. Inawezekana pia uliudhika kwa sababu wewe ni mhasibu na ulifanywa mgambo, au kwa sababu ulikuwa unajua kwamba riba ya mkopo ule haikuelezwa vizuri tangu mwanzo. Haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja litakupa swali tofauti la kuwauliza Tunduma na Tukuyu. Mimi siwezi kukuchagulia, kwa kuwa sikuwepo.

Kabla ya kulala, fungua simu yako utazame miamala ya miezi 3 iliyopita, kisha ukumbuke Jumapili 4 zilizopita ulikuwa wapi. Fedha na muda ambao hakuna aliyekulazimisha kuutoa vitakuambia kitu. Kama kumcha Mungu ni tunu yako, itaonekana hapo. Isipoonekana, usijihukumu, iandike pembeni kama jambo unalotamani liwe, kwa sababu tunu ya kutamaniwa na tunu inayoishi hazipimwi kwa mizani moja.

Jioni ya pili kata vipande 7 vya karatasi, na kwenye kila kimoja andika jambo moja lililotoka kwenye matukio yale, kwa sentensi yako mwenyewe na si kwa neno moja. Visizidi 7, kwa sababu sasa utavilinganisha viwili viwili, na vipande 7 vinazaa mapambano 21, kazi ya muda kama wa saa moja. Vipande 10 vinazaa 45, na mtu huanza kujibu kwa uchovu. Katika kila pambano usijiulize kipi ni muhimu zaidi, maana swali hilo litakurudisha kwenye aibu ile ile. Jiulize hivi: "Kama katika miaka 2 ijayo ninaweza kupata kimoja tu kati ya hivi, na kingine nikikose kabisa, nitachukua kipi?" Andika mshindi, endelea, na mwishoni hesabu kila kipande kimeshinda mara ngapi.

Hapa ndipo zoezi linapokuwa na utamu wake, na nitakuonyesha kwa binti wa kaka yangu, ambaye nilikaa naye mezani kwangu miaka michache iliyopita. Amesomea sayansi ya chakula na alikuwa na barua mbili: msimamizi wa ubora katika kiwanda cha chai Mufindi, kazi ya zamu, na kazi ya ofisini katika kampuni ya maziwa hapa Iringa mjini. Miongoni mwa vipande vyake kulikuwa na kujifunza kwa mtu anayenizidi ujuzi, kipato kisichoyumba, na kupanga muda wangu mwenyewe. Alipolinganisha, kujifunza kukashinda kipato, kipato kikashinda kupanga muda, na kupanga muda kukashinda kujifunza. Akanitazama akasema, "Shangazi, nimechanganyikiwa."

Hakuwa amechanganyikiwa. Mzunguko wa namna hiyo karibu kila mara unamaanisha kwamba kipande kimoja kimebeba mambo mawili, na kila kinapopambana kinatoa sura tofauti. Nilimwuliza alikuwa akiona picha gani kichwani katika kila pambano. Kupanga muda kulipokutana na kipato, aliona kuchagua saa ya kuingia na kutoka kazini, jambo ambalo hakulijali sana. Kulipokutana na kujifunza, aliona Jumapili asubuhi, kwaya, na nafasi yake kwenye sauti ya pili. Tulikichana kile kipande tukaandika viwili. Kile cha saa za kazi kilishuka hadi mkiani, na kile cha Jumapili kikapanda kuwa cha kwanza, kikifuatiwa na kujifunza. Yeye mwenyewe alishangaa, na hata aliona haya kidogo kwamba msomi wa shahada anaongozwa na kwaya.

Ukishapata vipande vyako vitatu vya juu, usivipeleke kwenye barua za kazi kabla hujavigeuza kuwa jambo ambalo mgeni akikaa nyumbani kwako mwezi mmoja angeweza kulihesabu, pamoja na kiwango unachoridhika nacho. Binti yangu hakuandika "muda wa ibada". Aliandika kwamba Jumapili 3 kati ya 4 saa 4 asubuhi awe kanisani. Wewe ukiona kipande cha mama kimepanda juu, usiandike "kumtunza mama". Andika labda kulala kwake usiku mara 3 kwa mwezi, au kuwa umbali unaoniwezesha kufika siku ile ile nikipigiwa simu, au kumtumia kiasi fulani kila mwezi bila kukopa. Ukiandika la tatu, Tunduma inapata nguvu. Ukiandika la kwanza au la pili, Tukuyu ndiyo inayopata nguvu. Unaona sasa kwa nini familia ilikupa sare.

Kipato nacho kinahitaji kiwango, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wewe ni mhasibu na umenishangaza kulinganisha mishahara kabla ya makato. Chukua viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, makato ya NSSF ya asilimia 10 upande wako, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, tukichukulia kwamba kiasi chote ni mshahara wa msingi. Kwenye 1,400,000 inatoka 140,000 ya NSSF, kodi 206,000 na Bodi 210,000. Mkononi inabaki 844,000. Kwenye 850,000 inatoka 85,000, kodi 69,250 na Bodi 127,500, inabaki 568,250. Tofauti uliyoiona kwenye barua ilikuwa 550,000. Tofauti itakayofika mfukoni ni 275,750, na kutoka hapo bado hujalipa chumba Tunduma, wala nauli ya kurudi Uyole kila mwisho wa wiki. Upande wa pili deni la Bodi litapungua haraka zaidi kwenye mshahara mkubwa, na michango yako ya NSSF itakuwa mikubwa zaidi, basi usiifute Tunduma kwa hesabu hii peke yake. Orodhesha majukumu ya nyumbani ya mwezi, toa mchango wa mke wako, na uone ni kiasi gani usichoweza kushuka chini yake. Kama kazi zote mbili ziko juu ya mstari huo, kipato kimeshatoa hukumu yake, na pambano linahamia kwenye vipande vingine. Kama Tukuyu iko chini ya mstari, basi hilo ni jibu pia, na usilionee haya.

Ndipo sasa umwombe mke wako azitoe zile barua. Chora jedwali dogo, vipande vitatu kwa kazi mbili, uwe na vyumba 6, na katika kila chumba usiandike alama bali uandike unachokijua na umekijuaje. Vyumba vingi vitakuwa na neno "sijui", na usivijaze kwa kubahatisha. Barua ya ajira hutaja mshahara, cheo na tarehe ya kuanza. Haitaji Jumapili, wala haitaji nani anatia saini nini saa 2 usiku. Kila "sijui" ni swali la kupiga simu, na simu nzuri haipigwi kwa meneja peke yake, maana meneja anatafuta mhasibu. Mtafute aliyeacha nafasi hiyo, au anayefanya kazi ya jirani yake.

Mswahili ukimwuliza "kazini kwenu kukoje?" atakujibu "tunamshukuru Mungu". Uliza jambo lililotokea. Uliza mwezi uliopita alilala nyumbani kwake usiku mara ngapi. Uliza aliyekuwapo kabla yangu alikaa muda gani na alikwenda wapi. Kuhusu lile la saini, uliza mara ya mwisho hati ya malipo iliporudishwa kwa kukosa viambatisho, nani aliirudisha na alifanywa nini baada ya hapo. Akicheka, au akisema kwamba hati hazirudishwi, umeshajua kitu ambacho hakiwezi kusomwa kwenye tangazo la kazi. Tunduma uulize pia kama michango ya NSSF inapelekwa kila mwezi, na usikilize mfanyakazi, kwa kuwa yeye huona michango yake kwenye taarifa zake za mfuko. Tukuyu omba kuona ripoti ya mwisho ya COASCO, shirika la ukaguzi na usimamizi wa vyama vya ushirika, na usome maoni ya mkaguzi pamoja na hoja zilizobaki bila kujibiwa. Mhasibu mpya katika chama chenye hoja za miaka ya nyuma hurithi ugomvi ambao si wake, na mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu ndiye atakayesimama kuueleza.

Binti yangu alimpigia simu fundi mmoja wa zamu pale Mufindi. Aliambiwa kwamba wakati wa mvua, majani yanapokuwa mengi, kiwanda hakilali, na msimamizi hupata Jumapili 2 kwa mwezi. Kwa kiwango alichokuwa amekiandika, Mufindi ilikuwa imeshindwa. Kwenye maziwa Jumapili zote zilikuwa huru, lakini katika ofisi ile hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Yeye ndiye angekuwa anayejua kuliko wote, na kujifunza kulikuwa kipande chake cha pili. Mtu aliyefanya zoezi kwa alama angejumlisha na kuchagua maziwa. Yeye alirudi kwenye simu akauliza swali moja zaidi: nani mwingine anashika zamu ya usimamizi, na anapumzika lini? Ikaonekana kwamba mwenzake mmoja alikuwa Msabato, ambaye kila wiki alihangaika kuomba ruhusa ya Jumamosi. Walikubaliana kubadilishana, meneja akaridhia kwa maandishi kabla binti hajasaini mkataba, na akaenda Mufindi. Ninalisimulia hili kwa sababu watu wengi hufikiri zoezi la tunu litawaambia wachague kazi ipi. Mara nyingi linakuonyesha kitu kimoja cha kudai kabla hujasaini, na wakati wa kukidai ni sasa ukiwa na barua mbili mkononi, kwa kuwa baada ya mwezi wa kwanza utakuwa mtu wa kuomba.

Kwa upande wako nina tahadhari mbili. Ya kwanza ni msiba. Miezi 5 ni michache, na kipande cha mama kinaweza kupanda juu kwa uzito wa huzuni, huzuni ikipungua kikashuka. Sisemi ukipuuze. Nenda kamwulize mama mwenyewe, uso kwa uso na si kwa simu, anataka nini kwako, na umwulize kwa jambo linalohesabika kama ulivyojiuliza wewe. Wazazi wetu wengi huku milimani watakwambia "nenda mwanangu, Mungu akutangulie" ukiwauliza kwa jumla. Ukimwuliza ni siku zipi za wiki zilizo ndefu kwake, atakwambia ukweli. Inawezekana anachohitaji ni mtu wa kumlimia na kumchumia kahawa au kumbebea ndizi hadi gulioni, jambo ambalo fedha ya Tunduma inaweza kulilipia. Inawezekana vilevile kwamba anakula chakula cha usiku peke yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na hilo halilipiwi.

Ya pili ni mke wako. Umemtaja mara moja tu, na hukusema kama angeweza kuhamia wapi. Asiwe mtazamaji wa vipande vyako, na wala msilifanye zoezi pamoja kwenye meza moja, kwa sababu mmoja wenu ataandika anachodhani mwenzake anapenda kukisoma. Akate vipande vyake 7, peke yake, usiku ule ule, kisha mbadilishane vitatu vya juu tu. Mkiona havifanani msiogope. Kwa wenzi wenye mtoto wa miaka 3 na kazi ya uuguzi yenye zamu za usiku, swali la nani yuko nyumbani Jumanne jioni lina uzito kuliko uwakala wa forodha na ushirika kwa pamoja. Watu husema kwamba tunu za kweli ni zile ambazo mtu angezishika hata kama ndugu zake wote wangempinga. Mimi siamini hivyo kabisa. Matakwa ya mke na mama si kelele za nje zinazokupotosha. Yaandike kwenye kipande kama chako, kwa sharti kwamba ni matakwa waliyoyasema na si uliyowakisia.

Usiku wa mwisho, kabla hujaamua, andika barua mbili za kukataa, moja kwa kila mwajiri, kamili na zenye sababu. Usiseme tu "kwa sababu zisizozuilika". Angalia ni sababu ipi unaweza kuiandika bila kufuta. Ukishindwa kabisa kueleza kwa nini unaikataa moja yao, rudi kwenye vipande vyako uone kama kuna kimoja ulichokihamisha baada ya barua kufunguliwa. Kama kipo, mpangilio wa zamani ndio wa kuaminika.

Ijumaa ya wiki ijayo si mbali, na ukaguzi wa simu na safari ya Rungwe vitakula siku 4 au 5. Jumatatu asubuhi wapigie wote wawili, uwashukuru, na uombe siku 3 za nyongeza, ukieleza kwamba kuna maswali mawili kuhusu majukumu unayotaka kuyamaliza kabla ya kusaini. Mwajiri mwenye nia njema kwa kawaida hakatai. Anayekuambia saini leo au nafasi inakwenda kwa mwingine, andika maneno yake kama alivyoyasema katika kile chumba cha jedwali kilichokuwa na "sijui".